Weusi wa Fedha, na Vito Visivyofaa Mashine



Huitwa mara kwa mara kusimamia ugawaji wa mirathi, na katika kazi hiyo nimezoea kuona kisanduku cha mapambo ya marehemu kikifunguliwa mbele ya warithi. Dhahabu hutolewa kwanza, ikapimwa kwa gramu na mashahidi wakatazama. Fedha husukumwa pembeni kwa sababu ni nyeusi. Nimewahi kusikia furungu zito la fedha, kazi ya fundi wa zamani, likiitwa bati na kuachiwa watoto wachezee. Na pale fedha inapotambuliwa kuwa ni fedha, hutokea kijana mwenye nia njema akasema kisanduku chote kisafishwe mara moja, na siku hizi husema kisafishwe kwa mashine. Kosa la kwanza huwapunja warithi kwa kutojua thamani ya walichonacho. La pili huharibu mali kabla haijagawanywa, nayo bado ni amana mikononi mwa aliyeishika. Nitaeleza hapa niliyofunzwa na msonara mmoja mzee wa Mji wa Kale, Mombasa, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye nilikuwa nikikaa barazani kwake baada ya swala ya alasiri, pamoja na niliyoyaona mwenyewe tangu hapo.

Tuanze na weusi wenyewe. Watu huuita kutu, lakini kutu ni ya chuma, nayo hula chuma hadi ndani. Fedha haishiki kutu. Inachokipata ni utando mwembamba unaotokea pale fedha inapokutana na salfa, ile ambayo wazee wetu waliiita kibiriti. Salfa hiyo imo hewani kwa kiasi kidogo sana, na harufu yake mnaijua wote: ndiyo ile ya yai viza, na ndiyo inayopanda kutoka kwenye matope ya mikoko maji yanapokupwa. Nyumba iliyo karibu na hori, au karibu na mtaro wa maji machafu, fedha yake husawijika upesi. Mipira ya kufungia pesa ina salfa, sufu ina salfa, yai na kitunguu vina salfa. Bibi aliyefunga bangili zake kwa mpira ili zisipotee alizikuta na mstari mweusi pale pale mpira ulipogusa.

Utando huo huja kwa daraja. Kwanza fedha hugeuka manjano hafifu kama chai ya rangi iliyotiwa maji mengi, kisha kahawia, kisha huwa na rangi ya zambarau na buluu kama mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi, na mwisho ndipo huwa nyeusi. Ukiona hivyo, hasa ukiona rangi ya zambarau pembeni mwa weusi, jua kwamba huenda mkononi mwako mna fedha. Futa kwa kitambaa cheupe cha pamba: kikitoka na alama nyeusi, dalili imezidi nguvu. Ukiona kijani kibichi, hiyo ni shaba inayosema. Ukiona wekundu wa tofali unaochubuka, hicho ni chuma kilichopakwa rangi, na sumaku itakushuhudia, kwa maana fedha haivutwi na sumaku. Tazama pia ndani ya bangili au nyuma ya kishikizo kama kuna muhuri wa 925, maana yake ni kwamba katika sehemu elfu moja, 925 ni fedha halisi na zilizobaki ni shaba iliyotiwa kuipa ugumu. Mapambo ya kale hayana muhuri huo mara nyingi. Mengi yalifuliwa kwa riale zilizoyeyushwa, zile za Maria Theresa zenye mwaka 1780, ambazo fedha yake ni 833 katika elfu. Kwa kuwa shaba yake ni nyingi zaidi, mapambo hayo husawijika mapema kuliko ya 925. Asidhani mtu kwamba weusi mwingi ni ishara ya fedha bandia.

Jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo msingi wa mengine yote, ni kwamba weusi ule una fedha ndani yake. Ni fedha ya pambo lenyewe iliyoshikana na salfa. Unapousugua ukatoka, umetoka na fedha yako. Anayesugua kwa majivu, kwa mchanga, au kwa dawa ya meno, huondoa weusi pamoja na tabaka la fedha safi lililo chini yake, kwa sababu vitu hivyo vina chembe ngumu zinazokwaruza. Ukifanya hivyo kila Idi kwa miaka 40, nakshi iliyochorwa na fundi inabaki kama maandishi ya kaburi la kale: unajua yalikuwapo, huwezi kuyasoma. Nimeona kikuku kilichosuguliwa hivyo hadi maua yake yakawa mabonge.

Kwa hiyo njia iliyo bora, pale inapofaa, ni ile inayoitoa salfa na kuiacha fedha mahali pake. Inafanywa jikoni. Chukua bakuli la kioo au la plastiki lisiloharibiwa na maji ya moto. Tandika ndani yake karatasi ya alumini, ile foili ya kufungia nyama ya kuoka. Chemsha nusu lita ya maji, uyaache yapoe kidogo hata yawe yanatoa mvuke lakini hayatokoti, kisha koroga ndani yake vijiko viwili vya chakula vya magadi ya unga ya kuumulia keki, yanayouzwa kwa jina la bekingi soda. Iangalie pakiti vizuri, kwani bekingi pauda ni kitu kingine. Osha pambo kwanza kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu ili mafuta ya mwili na ya manukato yatoke, maana mafuta huzuia maji ya magadi kuigusa fedha. Kisha lilaze juu ya foili. Ni lazima fedha iguse alumini. Ikielea au ikikaa juu ya pambo jingine bila kugusa, haitasafika.

Utaona vipovu na utasikia ile harufu ya yai viza. Hiyo ni salfa inayoondoka, kwa hiyo fungua dirisha na usiinamishe uso juu ya bakuli. Alumini ina nguvu kuliko fedha katika mambo haya. Ndani ya maji ya magadi huinyang'anya fedha ile salfa, na fedha iliyokuwa imefungwa ndani ya weusi hurudi kuwa fedha pale pale juu ya pambo. Dakika mbili au tatu zinatosha kwa weusi wa kawaida. Kama umebaki, badilisha foili, kwa sababu iliyotumika itakuwa imepiga weusi au manjano na nguvu yake imekwisha. Suuza kwa maji matamu mengi. Nasisitiza matamu kwa sababu visima vyetu vya pwani vingi vina chumvi, na chumvi ikikaukia juu ya fedha huacha madoa mapya. Kausha kwa kitambaa laini mara moja, usiache likauke lenyewe.

Pambo likitoka jeupe lakini limefifia kama sahani isiyong'aa, usishtuke. Fedha iliyorudi imerudi kwa chembe chembe, na kitambaa cha pamba kikipita juu yake mara chache mng'ao hurejea. Likitoka na wekundu mahali fulani, simama. Ama ni shaba ya ndani ya mchanganyiko iliyotokeza, ama pambo halikuwa fedha ila limepakwa fedha, na mpako umekwisha hapo. Kuendelea kulisafisha hakutaleta fedha isiyokuwapo.

Njia hii ina mipaka. Mafundi wengi huacha weusi kwa makusudi ndani ya nakshi ili maua yaonekane. Foili haibagui, itaondoa na huo, na pambo litaonekana tupu. Tena maji huingia yasikotakiwa. Hapo ndipo naona vyema niwasimulie kisanduku kimoja, kwa idhini ya wenyewe na bila kuwataja, kwa sababu ndani yake mlikuwa na karibu kila aina ya pambo ambalo msomaji aweza kuwa nalo nyumbani.

Kilikuwa cha bi mkubwa mmoja wa Mombasa aliyefariki mwaka jana. Tulikuta bangili sita za fedha, mafurungu mawili, pete ya kiume ya fedha yenye akiki, mkufu wa marijani wenye kishikizo cha fedha, vipuli vya lulu, kijisanduku cha hirizi cha fedha chenye minyororo, na pete ya dhahabu yenye zumaridi. Vyote vya fedha vilikuwa vyeusi. Mjukuu wa marehemu alikuja na mashine ndogo, kubwa kidogo kuliko chombo cha sukari, aliyoinunua kwa ajili ya kuoshea miwani. Akaniambia kwa adabu, "Sheikh, hii haigusi kitu. Ni maji tu yanayotetemeka. Dakika tano vyote vitang'aa." Shangazi yake alimuunga mkono, akisema kazi ya kusugua haiko tena.

Mashine hiyo ndiyo inayoitwa altrasoniki. Jina lake ni ndugu wa ile ya hospitali inayotazama mtoto tumboni, kwa kuwa zote hutumia mtetemo ulio juu ya uwezo wa sikio letu, ila kazi zao ni mbali. Hii ya vito hutetemesha maji mara nyingi kiasi cha mara 40,000 kwa sekunde moja. Mtetemo huo huzaa ndani ya maji vipovu vidogo visivyohesabika ambavyo hutokea na kupasuka papo hapo, na kila kipovu kinapopasuka karibu na kitu hukipiga pigo dogo kali. Mapigo hayo ndiyo yanayong'oa uchafu mahali mswaki usipofika.

Sikutaka kumshinda kijana kwa maneno. Nilimwomba aijaze mashine yake maji na tone la sabuni, kisha nikakata ukanda wa foili nikauning'iniza ndani asiuache uguse chini. Baada ya dakika moja tuliutoa tukauinua kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa umetoboka vitundu vidogo, mwanga ukipenya kama kwenye ungo. Nikamwambia, "Mwanangu, maji yasiyogusa kitu ndiyo yaliyotoboa haya." Kisha tukaweka bangili moja, tupu isiyo na kito, tukaiacha dakika tatu. Uchafu wa sabuni iliyoganda ndani ya nakshi ulitoka kama moshi, wala sitaki kuidhulumu mashine, iliufanya vizuri kabisa. Lakini bangili ilitoka nyeusi kama ilivyoingia.

Hilo ni jambo la kushikwa. Mtetemo hung'oa kilichogandamana na pambo, yaani mafuta, vumbi, sabuni. Weusi wa fedha haukugandamana nayo. Umeumbika kutokana nayo. Mashine peke yake haiuondoi. Madukani wanaoutoa kwa mashine hutia ndani yake dawa, na dawa hiyo yaweza kuwa yenye amonia au tindikali, basi pambo hukutana na mambo mawili kwa pamoja. Kwa hiyo mwenye kutaka kuondoa weusi hana haja na mashine hata kidogo, na mwenye kuitumia kwa sababu nyingine na ajue anatia nini ndani.

Tulirudi kwenye bangili sita. Zilikuwa nzito, nzima ndani, na muhuri wa 925. Tulizipima kwa mizani ndogo ya sonara: gramu 138. Zikaingia kwenye foili na magadi, tatu tatu ili kila moja iguse, zikatoka nyeupe. Tukapima tena: gramu 138. Salfa iliyoondoka ilikuwa nyepesi mno hata mizani haikuitambua, na fedha haikupungua. Kwa ugawaji wa mirathi, na kwa mwenye kuhesabu zaka ya fedha yake kwa uzito, hilo si dogo.

Mafurungu hatukuyatia majini. Ukiyagonga kwa ukucha yalitoa sauti ya uwazi, yalikuwa mepesi kuliko ukubwa wake, na pembeni palionekana mshono wa lehemu. Pambo lenye uwazi ndani likiingia maji hubaki nayo, na maji ya magadi yaliyofungiwa ndani huendelea kulila kwa miezi bila mtu kujua. Mengine ya aina hii yamejazwa nta au lakiri ili yasibonyee, na maji ya moto huilainisha ikavuja mshononi. Haya tuliyafuta kwa kitambaa maalumu cha kung'arishia fedha kinachouzwa kwa masonara, kwa mikokoto iliyonyooka, juu ya sehemu zilizoinuka pekee, na weusi wa ndani ya nakshi tukauacha. Yalipendeza kuliko bangili.

Kijisanduku cha hirizi kilikuwa na karatasi ndani. Hukumu ya hirizi si maudhui ya leo, na wanaojua rai yangu wanaijua. Ninachosema ni kwamba kijisanduku cha namna hii hakiingizwi kwenye maji ya aina yoyote kabla hakijafunguliwa, kwa sababu huenda ndani mna aya za Mwenyezi Mungu, na aya hazizamishwi katika maji ya sabuni yatakayomwagwa mtaroni. Nacho kisipofunguka kisilazimishwe. Hufutwa kwa nje kwa kitambaa kikavu. Mashine kwa kitu hiki ni haramu ya akili kabla ya haramu nyingine yoyote: mtetemo huisukuma maji kupita katika mwanya mwembamba kabisa.

Sasa marijani na lulu, vilivyotajwa pamoja katika Surat Rahman, na ambavyo hata maumbile yake ni mamoja. Vyote vimejengwa na viumbe wa baharini kwa chokaa, ile ile iliyo katika matumbawe tuliyojengea nyumba za Lamu na Mombasa. Chokaa hutoka povu ikidondoshewa ndimu. Kwa hiyo ndimu, ukwaju na siki, ambavyo bibi zetu walisafishia shaba na vikaisafisha kweli, huila marijani na lulu mpaka uso wake ukawa mkavu na wenye vinyweleo. Tena lulu si kitu kimoja kigumu. Ni matabaka membamba juu ya matabaka, na mng'ao wake ni wa matabaka hayo. Mapigo ya mashine huyachubua, amonia huyafifisha, na lulu iliyofifia hairudi. Juu ya hayo, lulu ya kipuli mara nyingi imetobolewa nusu na kushikizwa kwa gundi, na marijani ya mkufu imetungwa kwa uzi. Mashine hulegeza gundi na kuudhoofisha uzi. Wala foili na magadi si mahali pake. Mkufu ule tuliufuta punje moja moja kwa kitambaa kilicholowa maji kidogo na kukamuliwa, kishikizo chake cha fedha tukakifuta peke yake kwa kile kitambaa maalumu huku marijani imefunikwa isiguswe, kisha tukaulaza bapa juu ya taulo usiku kucha, kwa kuwa uzi ukining'inizwa ukiwa na unyevu hunyooka. Feruzi, kaharabu, opali na pembe za ndovu ziwekwe katika kundi hili. Feruzi hunywa kila kinachoigusa ikabadilika rangi, na kaharabu ni utomvu wa mti ulioganda, laini kiasi cha kukwaruzwa na kisu.

Pete ya akiki ilimshangaza kijana nilipoikataa mashine. Akiki ni jiwe gumu na halina ubaya na maji. Lakini tazama lilivyokaa. Katika pete nyingi za zamani jiwe limewekwa juu ya lakiri au nta, na ukingo wa fedha umekunjwa juu yake kulishika. Lakiri ikilainika au ikipasuka, jiwe huanza kucheza, na siku moja mwenye nayo hutia udhu akaona tundu kidoleni. Jaribio ni jepesi: shika pete karibu na sikio, uigonge polepole kwa ukucha. Ukisikia mlio wa jiwe linalogonga, mpelekee fundi kwanza. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba pete ya Mtume, sala na salamu zimshukie, ilikuwa ya fedha na kito chake cha Kihabeshi, na ndiyo maana wazee wetu wengi huvaa pete kama hii wala hawaivui isipokuwa msalani. Ile tuliisafisha kwa mswaki laini wa mtoto, maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha mwili wake tukaufuta kwa kitambaa.

Imebaki zumaridi, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Dada mmoja wa mtaani kwetu, miaka michache nyuma, alipeleka pete ya zumaridi aliyotolewa mahari katika duka moja isafishwe kabla ya harusi ya binti yake. Ikatiwa katika mashine pamoja na nyinginezo. Aliporudishiwa, jiwe lilikuwa na mawingu meupe na mistari ambayo hakupata kuiona. Alidhani amebadilishiwa jiwe, na nusura maneno yafike kwa kadhi. Alikuja kwangu, nami nikampeleka kwa msonara mzee, akaitazama kwa lenzi akasema, "Jiwe ni lake. Kilichoibiwa ni mafuta."

Zumaridi, karibu zote, huzaliwa na nyufa ndani. Wachongaji huzijaza nyufa hizo kwa mafuta yasiyo na rangi au kwa gundi ya kioevu ili mwanga upite bila kukatika na jiwe lionekane safi. Ni desturi ya zamani ya biashara hiyo, si ulaghai likisemwa wazi. Mapigo ya mashine na maji yake ya moto huyatoa mafuta, na nyufa zilizokuwa zimefichika hudhihirika. Na ikiwa ufa ni mrefu, jiwe laweza kupasuka kabisa. La dada yule halikupasuka. Liliweza kujazwa mafuta upya na mtu mwenye ujuzi, kwa gharama. Yakuti nyingi za bei nafuu siku hizi nazo zimejazwa kioo ndani ya nyufa, na hukumu yake ni hiyo hiyo. Tanzanaiti ya jirani zetu wa Merelani haikujazwa kitu, lakini ina maungio ya asili ambayo hupasuka kwa mtikiso au kwa badiliko la ghafla la joto, basi isitiwe mashine kamwe, wala isitolewe kwenye maji ya moto ikatiwa kwenye baridi. Zumaridi ya kisanduku chetu ilifutwa kwa kitambaa chenye unyevu, mbele na nyuma, basi.

Kijana aliniuliza, "Sasa Sheikh, mashine hii inafaa nini?" Inafaa dhahabu au fedha nzima isiyo na kito wala uwazi ndani, ikiwa imeshika mafuta. Inafaa almasi isiyo na ufa wala kijazio, iliyoshikwa imara. Hata hiyo ichunguzwe kwanza, kwa sababu uchafu mara nyingine ndio uliokuwa ukishikilia jiwe lililolegea, na almasi mbili zilizobanana hugongana zikamegana pembeni. Na inafaa miwani, ambayo ndiyo aliyoinunulia.

Ya mwisho ilikuwa kuviweka. Kila pambo la fedha lilikaushwa sana, likafungwa kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato, likatiwa katika mfuko wa plastiki wenye zipu na hewa ikakamuliwa, pamoja na kile kijipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya. Hapakutumika mpira wala karatasi ya gazeti. Lulu na marijani hazikutiwa plastiki, kwa kuwa zikikaukiwa mno hupata nyufa. Zilipewa kijifuko cha hariri peke yao, mbali na chetezo, maana moshi wa udi huacha utando wa mafuta, na mwenye kuzivaa ajifukize na kupaka atari kwanza, ndipo azivae. Juu ya kila mfuko tukaandika kwa kalamu jina la mrithi, aina ya pambo, na uzito wake kwa gramu, mashahidi wawili wakatia saini daftarini, na shangazi akayachukua mafurungu.